Notisi ya siku 30 kwa mwenye nyumba: siku ya mwisho inaangukia lini?

Nachapa barua kwenye steshenari hapa Mwanga, Kigoma. Barua za notisi ya kuhama huwa nusu ukurasa tu, lakini ndizo zinazorudi na ugomvi. Mara nyingi kosa linakuwa kwenye mstari mmoja: "nitaondoka baada ya siku 30". Baada ya siku 30 kuanzia lini? Mpangaji anahesabu tangu alipochapisha, mwenye nyumba anahesabu tangu alipoisoma, na siku ya kukabidhi funguo kila mmoja ana tarehe yake.

Nitawaonyesha kwa kesi moja. Ilikuwa Ijumaa tarehe 12 Septemba 2025. Alikuja mwalimu aliyepata uhamisho kwenda Tabora. Anapanga chumba na sebule, kodi shilingi 60,000 kwa mwezi, na kama ilivyo kawaida yetu analipa miezi mitatu kwa mkupuo. Alikuwa ameandika kwenye daftari kwamba upangaji utakoma tarehe 12 Oktoba. Kabla sijagusa kibodi nikamwomba mkataba.

Hatua ya kwanza: soma mkataba, tafuta vitu vitatu

Tafuta kifungu cha notisi kinasemaje, kama notisi lazima iwe ya maandishi, na kodi uliyolipa inaishia tarehe gani. Mkataba wa mwalimu ulisema kila upande unaweza kuvunja upangaji kwa "notisi ya maandishi ya siku thelathini". Risiti yake ya mwisho ilikuwa ya tarehe 1 Agosti hadi 31 Oktoba 2025.

Hapo watu wengi hupitiwa. Siku 30 zimo kwenye mkataba wake. Sheria haijampa kila mpangaji nchini siku 30. Mkataba wako ukisema 60, ni 60.

Hatua ya pili: jua siku notisi itakapofika mkononi

Notisi haianzi kukimbia siku unapoiandika. Inaanza inapomfikia anayepewa. Nikamuuliza mwalimu, "Mzee yupo?" Akasema yuko Kasulu shambani, anarudi Jumapili. Basi barua tukaiwekea tarehe ya Jumapili, 14 Septemba, siku atakayoipeleka mwenyewe. Ukiweka tarehe ya Ijumaa halafu mzee akaipokea Jumapili, barua inabeba tarehe mbili, na huo ndio mwanzo wa mabishano.

Hatua ya tatu: hesabu, ukiiruka siku ya kupokea

Siku ya kupokea haihesabiwi. Ndivyo Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, inavyohesabu muda: siku ya tukio inaachwa, hesabu inaanza kesho yake. Barua ikipokelewa Jumapili tarehe 14 Septemba, siku ya kwanza ni Jumatatu tarehe 15. Kutoka 15 hadi 30 Septemba ni siku 16. Zinabaki 14, nazo zinaishia Jumanne tarehe 14 Oktoba 2025. Hiyo ndiyo siku ya 30.

Njia ya mkato: chukua tarehe ya kupokea, ongeza 30. Septemba ina siku 30, kwa hiyo unaangukia tarehe ileile ya mwezi unaofuata. Mwezi ukiwa na siku 31, unarudi nyuma siku moja: iliyopokelewa tarehe 14 Oktoba inaisha 13 Novemba. Mimi hapa kwenye kompyuta naweka tarehe ya kupokea kwenye kisanduku A1 cha Excel, kisha pembeni naandika:

```
=A1+30
```

Usiandike 29, usiandike 31. Ukitaka kuhakikisha, chukua kalenda ya ukutani na kidole.

Hatua ya nne: linganisha na mwisho wa kodi

Mwalimu alifurahi kusikia 14 Oktoba, maana alitaka arudishiwe kodi ya siku zilizobaki. Kutoka 15 hadi 31 Oktoba ni siku 17. Ukigawa 60,000 kwa 31 na kuzidisha kwa 17, unapata kama shilingi 32,900. Tukarudi kwenye mkataba: hakuna neno lolote kuhusu kurudisha kodi iliyolipwa mbele. Anaweza kuomba, na mzee akiwa muungwana au akipata mpangaji mapema atampa. Lakini kuiandika kwenye barua kama deni lake ni kuanzisha vita vya elfu thelathini.

Nikamweleza kwamba siku 30 ni kiwango cha chini. Hakuna anayemkataza kutoa notisi ndefu zaidi. Kama kodi amelipa hadi tarehe 31 Oktoba, aifanye hiyo ndiyo siku ya mwisho, mizigo atoe siku yoyote kabla ya hapo. Faida nyingine ni nafasi ya kupumua: ukihesabu kurudi nyuma kutoka 31 Oktoba, siku ya mwisho kabisa ya barua kupokelewa ni tarehe 1 Oktoba. Mzee hata akichelewa Kasulu wiki mbili, notisi bado inatosha; tutabadilisha tu tarehe ya juu na mstari wa hesabu.

Hatua ya tano: andika, na tarehe uitaje kwa jina la siku

Barua yenyewe ilikuwa hivi. Majina nimeyaondoa.

> S.L.P. ……, Kigoma
> Jumapili, 14 Septemba 2025
>
> Ndugu ……………… (Mwenye nyumba)
> Mwanga, Kigoma
>
> YAH: NOTISI YA SIKU 30 YA KUSITISHA UPANGAJI
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu.
>
> Mimi ………………, mpangaji wa chumba na sebule katika nyumba yako iliyopo Mwanga, nakupa notisi ya kusitisha upangaji kwa mujibu wa kifungu cha …… cha mkataba wetu wa tarehe ……….
>
> Nakukabidhi notisi hii leo. Siku 30 zinaanza kuhesabiwa Jumatatu tarehe 15 Septemba 2025 na zinatimia Jumanne tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa kuwa nimelipa kodi hadi mwisho wa Oktoba, siku ya mwisho ya upangaji wangu itakuwa Ijumaa tarehe 31 Oktoba 2025.
>
> Naomba tukague chumba pamoja siku hiyo saa 4 asubuhi, nikukabidhi funguo, na tusome mita ya maji ili nilipe ninachodaiwa.
>
> Wako,
> ……………… (sahihi, jina na simu)
>
> *Nimepokea nakala ya notisi hii:*
> Jina ……………… Sahihi ……………… Tarehe ……… Saa ………

Sababu ya kuhama hujaiona, na haina kazi. Ukiandika "kwa sababu choo kimejaa na hujali", anayepokea atajibu habari ya choo na tarehe itasahaulika.

Hatua ya sita: nakala mbili, sahihi moja

Chapisha mbili. Moja ya mwenye nyumba, nyingine inarudi na wewe ikiwa na sahihi yake chini pamoja na tarehe kwa mkono wake. Mwalimu alitaka kumwachia mjukuu wa mzee, mtoto wa darasa la tano. Nikamkatalia. Barua ikitumika kufunga maandazi utathibitisha nini?

Mzee alirudi Jumapili jioni akasaini saa 12:20. Alinuna kidogo, kisha akauliza kama mwalimu anamfahamu mtu mwingine anayetafuta chumba.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Gungu: Dada, mimi sina mkataba wa karatasi. Tulikubaliana kwa mdomo, nalipa kila tarehe 5 ya mwezi. Nikitoa notisi tarehe 20 Oktoba natoka 19 Novemba?

Hapana, kaka. Mkataba usipotaja muda wala notisi, Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, inautazama kama upangaji wa vipindi, kipindi chako kikiwa ni kile unacholipia kodi. Notisi isiwe fupi kuliko kipindi hicho, na iishie kwenye siku ya kulipa kodi. Mwezi mmoja kutoka 20 Oktoba unafika 20 Novemba, na tarehe 5 Novemba itakuwa imeshapita. Kwa hiyo unaandika 5 Desemba. Ukitaka kutoka 5 Novemba, barua ilipaswa kumfikia kabla ya tarehe 5 Oktoba. Na wanaolipa miezi mitatu mitatu kwa mdomo wajiangalie: kipindi chao ni miezi mitatu, na mwenye nyumba anaweza kudai notisi ya urefu huo.

Mwanachama, Ujiji: Tarehe 14 Oktoba ni Siku ya Nyerere. Sikukuu na Jumapili zinahesabiwa?

Zinahesabiwa zote, isipokuwa mkataba useme "siku za kazi". Sikukuu haisimamishi hesabu. Kinachosumbua ni kukabidhi funguo, maana unaweza kumkosa mtu nyumbani, kwa hiyo panga saa mapema. Upangaji wenyewe unakwisha siku hiyo inapokwisha, lakini funguo hazikabidhiwi usiku wa manane.

Mwanachama, Isevya, Tabora: Mkataba wangu umesema "mwezi mmoja", haukusema siku 30. Si ni kitu kilekile?

Wakati mwingine tu. Chukua notisi iliyopokelewa tarehe 31 Januari 2026. Mwezi mmoja unaisha 28 Februari, kwa sababu Februari haina tarehe 31. Siku 30 zinaisha 2 Machi. Andika kwa maneno ya mkataba wako. Ukiwa na shaka, taja tarehe iliyo mbele zaidi. Hakuna atakayelalamika kwamba umempa siku mbili za ziada.

Mwanachama, Katubuka: Mama mwenye nyumba wangu amekataa kusaini. Anasema akisaini amekubali nihame.

Mweleze kwa upole kwamba sahihi ni ya kupokea, haimaanishi ameridhia. Akikataa bado, rudi na mtu mzima mmoja asiye ndugu yako, au mjumbe wa mtaa. Mwachie nakala mbele yake, halafu kwenye nakala yako andika: "Imekabidhiwa tarehe fulani, saa fulani, amekataa kusaini", shahidi asaini hapo. Siku hiyo ndiyo ya kupokea, hesabu inaanza kesho yake. Nakala nyingine peleka ofisi ya serikali ya mtaa wagonge muhuri. Ujumbe wa WhatsApp mtumie pia, ukiwa na picha ya barua, ila usiutegemee peke yake kama mkataba unataka maandishi yaliyokabidhiwa.

Mwanachama, Kibirizi: Nina mkataba wa mwaka mzima, niko mwezi wa tano, hauna kifungu cha notisi. Siku 30 zinanitoa?

Hazikutoi, dada. Mkataba wa muda maalumu unakwisha siku yake, na bila kifungu cha kuuvunja kabla, barua yako inakuwa ombi. Andika ombi basi, utaje tarehe unayotaka kutoka, na mkikubaliana muandike karatasi fupi ya makubaliano mnayosaini wote wawili, yenye tarehe hiyo na maneno kwamba hakuna anayemdai mwenzake kodi ya miezi iliyobaki. Kumletea mpangaji wa kuchukua nafasi yako husaidia sana kumlainisha.

Mwanachama, Gungu (tena): Na umeme wa LUKU uliobaki?

Unabaki kwenye mita, hauondoki na wewe. Wiki ya mwisho nunua kidogo kidogo.