SWOT: herufi nne, na nini kinakwenda wapi

Mwezi uliopita nilikaa siku mbili na kikundi cha akina mama kumi na wawili wa pwani ya mashariki ya Unguja. Wanalima mwani na kutengeneza sabuni ya mwani. Walikuwa wanaomba mkopo, na andiko lao la biashara lilikuwa limerudishwa kwa sababu ya ukurasa mmoja tu, wa SWOT, yaani njia ya kuchambua hali ya biashara kabla ya kuamua jambo. Nimeandika hatua tulizopita, kwa sababu makosa yao nimeyaona katika maandiko mengi niliyoletewa.

Hatua ya 1: Jua herufi zinasimamia nini

SWOT ni herufi za mwanzo za maneno manne ya Kiingereza: Strengths, Weaknesses, Opportunities, Threats. Kwa Kiswahili ni nguvu, udhaifu, fursa na vitisho. Mbili za mwanzo zinahusu mambo ya ndani ya biashara yako, na mbili za mwisho zinahusu mambo ya nje yake. Mgawanyo huo wa ndani na nje ndio SWOT yenyewe, na ndio utakaokula muda wako mwingi.

Hatua ya 2: Andika swali moja juu ya karatasi

Usifanye SWOT ya "kikundi chetu" kwa jumla. Swali letu lilikuwa: je, tuongeze sabuni kutoka vipande 300 hadi 800 kwa mwezi ili tuuze hotelini? Jambo lisilogusa swali hilo halikuandikwa, hata likiwa la kweli. Umoja wa kikundi, kwa mfano, tuliuacha mpaka mtu atakapoonyesha unasaidiaje kutoa vipande 800.

Hatua ya 3: Tumia vikaratasi, si kompyuta

Chukua karatasi kubwa ya manila, ukate na vikaratasi vidogo. Kila jambo liandikwe kwenye kikaratasi chake. Mimi sikubali kabisa kuanza na lile jedwali la vyumba vinne kwenye kompyuta, kwa sababu mtu akishaandika ndani ya chumba anaona taabu kuhamisha. Tena akiona chumba kimoja kina mistari mitano na kingine miwili, anabuni mitatu ya kujazia. Vikaratasi vinahama, na kuhama ndiko tunakokutaka.

Hatua ya 4: Tenganisha ndani na nje

Hapa ndipo siku ya kwanza yote ilipokwisha. Nimegundua kwamba sehemu kubwa ya tabu inatokana na maneno tunayoyatumia.

Fomu waliyopewa iliandika herufi ya T kuwa "Changamoto". Basi wakaandika changamoto zao: mtaji mdogo, rafu chache za kukaushia sabuni, maji ya bahari kupata joto, hawana alama ya ubora, sabuni za kiwandani ni rahisi, wanachama kuchelewa kazini. Chumba cha udhaifu kikabaki kitupu. Mwenyekiti, ambaye sote tunamwita Bi Mkubwa, aliniuliza, "Mwanangu, kukosa mtaji si changamoto?" Nikamjibu, "Ni changamoto, Bi Mkubwa. Lakini si kitisho."

Changamoto katika Kiswahili cha leo ni neno linalobeba kila kinachokusumbua, kitoke nyumbani kwako au baharini. Ukiliweka kama jina la chumba, litameza udhaifu wote, na msomaji wa andiko ataona kikundi kisichojua kasoro zake. Ninashauri ulifute hata kama fomu imelitumia. Andika "Vitisho kutoka nje", halafu endelea.

Kipimo ninachotumia ni swali moja: kikundi kikivunjika kesho, jambo hili litabaki pale pale? Likibaki, ni la nje. Likiondoka pamoja na kikundi, ni la ndani. Joto la bahari litabaki, basi ni kitisho. Sabuni rahisi za kiwandani zitabaki madukani, nazo ni kitisho. Mtaji mdogo wa kikundi utaondoka na kikundi, kwa hiyo ni udhaifu. Rafu chache, kuchelewa kazini na kukosa alama ya ubora pia ni udhaifu. Kati ya "changamoto" zao sita, vitisho vya kweli vilikuwa viwili.

Kipimo hiki kina mitego, na mmoja ulitushika mpaka magharibi. Kikaratasi kilisema: "Bei ya mafuta ya nazi." Wengine walisema ni nje, kwa kuwa soko ndilo linalopanga bei. Wengine walisema ni ndani, kwa kuwa wao hununua lita chache chache kila wiki badala ya kununua kwa pamoja. Wote walikuwa na haki, kwa sababu kikaratasi kile kilikuwa kimebeba mambo mawili. Tulikikata. Kupanda kwa bei ya mafuta ya nazi kulikwenda kwenye vitisho. Kununua rejareja kwa kukosa pipa la kuhifadhia kulikwenda kwenye udhaifu. Mkibishana zaidi ya dakika kumi juu ya kikaratasi kimoja, jueni kinahitaji mkasi.

Mtego wa pili ni wa wakati. Wapo wanaofundisha kwamba nguvu na udhaifu ni mambo ya sasa, na fursa na vitisho ni mambo yajayo. Hilo husaidia mara nyingine, lakini linapotosha. Maji kupata joto si jambo lijalo, kwani wakulima wa mwani Zanzibar wameshaona kotonii, aina moja ya mwani, ikifa kwenye maji ya kina kifupi kwa miaka mingi. Bado ni la nje. Shika mahali jambo linapotoka, usishike tarehe yake.

Mtego wa tatu unahusu wateja. Hoteli mbili zinanunua sabuni kwao tayari. Je, ni nguvu au fursa? Uhusiano na hoteli hizo mbili ni wa kikundi chao, na kikundi kikivunjika unakwisha, basi ni nguvu. Hoteli nyingine za ukanda ule zinazotaka sabuni za mahali hapo kwa wageni wao zitabaki hata kikundi kisipokuwepo, na hizo ni fursa.

Hatua ya 5: Jaza kila chumba

*Nguvu.* Andika kile ulicho nacho ambacho mshindani wako hana, au anacho kidogo kuliko wewe. "Tunafanya kazi kwa bidii" haifai, kwa sababu hata kikundi cha jirani kitaandika hivyo. Wao waliandika kwamba wanalima mwani wenyewe, hivyo hawanunui malighafi hiyo. Tena wanatumia spinosamu, aina ya mwani inayostahimili joto la maji kuliko kotonii. Kotonii hupata bei nzuri zaidi ikiuzwa ikiwa kavu, lakini kwa sabuni yao spinosamu inatosha.

*Udhaifu.* Kila udhaifu uwe na kipimo, vinginevyo unasomeka kama lawama. "Rafu chache" ilikuwa haisemi kitu. Tukahesabu: sabuni yao ya kostiki soda na mafuta hukaa rafuni wiki nne kabla ya kuuzwa, na rafu zao zinabeba vipande 300. Basi hata wangepata mtaji wa kununua mafuta mengi, wasingeweza kutoa zaidi ya vipande 300 kwa mwezi. Walipokuja na andiko la kwanza walidhani shida yao kubwa ni mtaji wa malighafi. Baada ya hesabu hii walikaa kimya kidogo, kisha mweka hazina akasema, "Kumbe tunaomba pesa ya kitu sicho."

*Fursa.* Hapa tena Kiswahili chetu kinatutega. Mitaani tunasema "changamkia fursa", na fursa imekuwa na maana ya dili au mpango wa kutengeneza pesa. Ndiyo maana waliandika: "Kufungua duka Mji Mkongwe", "Kutengeneza mafuta ya kupaka". Hiyo ni mipango yao, haimo katika SWOT bado. Fursa ni hali iliyopo nje ambayo ingefanya mpango wako uwe na maana. Nikawauliza, "Kwa nini duka Mji Mkongwe?" Wakajibu kwamba watalii wengi hupita pale na hununua zawadi ndogo za kubeba. Hiyo sasa ni fursa. Ukiona kikaratasi cha fursa kinaanza na kitenzi unachofanya wewe, uliza "kwa nini", na jibu ndilo uliandike.

*Vitisho.* Pita haraka hapa ikiwa hatua ya 4 uliifanya vizuri. Andika kitisho pamoja na kile kitakachodhurika: si "msimu mbaya" bali "mwezi wa nne na wa tano, wakati wa masika, wageni hupungua na hoteli huagiza kidogo". Wao walibaki na vitatu: huo wa masika, sabuni za kiwandani, na mafuta ya nazi kupanda bei. Joto la bahari tuliliondoa kwenye karatasi hii, kwa kuwa mwani wanaouhitaji kwa sabuni ni kidogo na ni spinosamu. Kwa SWOT ya kuuza mwani mkavu lingekuwa la kwanza kabisa.

Hatua ya 6: Unganisha vyumba

Andiko lao la awali liliishia kwenye orodha, na msomaji hakujua orodha ile inaelekea wapi. Mwaka 1982 mtaalamu wa menejimenti Heinz Weihrich aliandika juu ya njia ya kuvikutanisha vyumba hivi viwili viwili, akaziandika herufi kinyumenyume, TOWS. Na mimi hufanya hivyo: naanza na cha nje, kisha nauliza tuna nini ndani cha kukikabili.

Fursa ya hoteli nyingine tuliiweka kando ya udhaifu wa kukosa alama ya ubora. Wanunuzi wa hotelini walikuwa wameshawauliza mara mbili kama sabuni ina alama ya Taasisi ya Viwango Zanzibar, ZBS. Kwa hiyo kupeleka sabuni ikapimwe kulitangulia kila kitu. Fursa hiyo hiyo tukaiweka kando ya rafu za vipande 300, na jibu likawa ni chumba cha kukaushia chenye rafu za kubeba 800. Kitisho cha masika tulikikutanisha na nguvu ya hoteli mbili wanazouzia tayari: wataomba oda za miezi ya wageni zitolewe mapema, na mwezi wa nne na wa tano watatengeneza akiba badala ya kusimama.

Mafuta ya nazi hatukuyapatia nguvu ya kuyakabili. Tuliandika hivyo hivyo: kitisho hiki bado hakina jibu, ila pipa la lita 200 litapunguza makali yake.

Ombi la mkopo lilibadilika kutokana na ukurasa huo. Mara ya kwanza karibu fedha yote ilikuwa ya mafuta na kostiki soda. Ombi jipya linaanza na gharama za upimaji wa ZBS, linafuatia na rafu, kisha pipa, na malighafi zikawa za mwisho.