Doa au shimo? Kutibu alama za chunusi kwenye ngozi nyeusi

Mimi ni afisa wa kliniki ninayetibu ngozi hapa Kisumu. Binti mmoja wa miaka 24, anayeuza mitumba Kibuye, alinijia akiwa amepaka krimu ya madoa kwa miezi minane. "Daktari, ya kwenye paji yameisha," akasema, "lakini haya ya mashavuni yamegoma." Nilizima taa, nikamulika shavu lake kwa tochi ya simu kutoka ubavuni. Yaliyogoma hayakuwa madoa. Yalikuwa vivuli vya mashimo, na kivuli hakifutwi kwa krimu.

Hatua ya 1: Jipime kwa tochi

Ingia kwenye chumba chenye giza. Shika tochi ya simu usawa wa sikio, uielekeze puani, kisha ihamishie upande wa pua ukimulika kuelekea sikioni. Shimo hutupa kivuli, na kivuli hicho huhama tochi inapohama. Doa halibadiliki. Pitisha na kidole: doa ni tambarare, shimo lina ukingo.

Doa hutokea kwa sababu uvimbe wa chunusi huchokoza seli zinazotengeneza rangi, nazo kwenye ngozi nyeusi huitikia kwa nguvu. Likiwa la kahawia, rangi iko juu na hufifia kwa miezi kadhaa. Likiwa na ukijivu au ubuluu, rangi imezama na huenda ikachukua miaka. Shimo ni jambo jingine kabisa: uvimbe umeharibu kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara, ngozi ikabonyea.

Hatua ya 2: Zima chunusi kwanza

Kila chunusi mpya huacha alama mpya. Usiku, chukua adapalini ya 0.1%, dawa ya chunusi ya kupaka, kiasi cha punje moja ya njegere kwa uso mzima, juu ya ngozi kavu. Anza kila usiku wa tatu. Baada ya wiki tatu, kama hakuna mwasho wala kubambuka, sogeza hadi kila usiku wa pili. Polepole hiyo ina sababu: kwenye ngozi yetu, mwasho wa dawa peke yake unaweza kuleta madoa mapya. Ngozi ikiwaka au ikibambuka, pumzika siku kadhaa upake mafuta ya kulainisha. Chunusi zenye usaha zikiwepo, ongeza benzoili peroksaidi ya 2.5% asubuhi, na tumia taulo jeupe kwa sababu dawa hiyo hung'oa rangi ya kitambaa. Mjamzito, au anayepanga ujauzito, aache adapalini atumie asidi azelaiki.

Hatua ya 3: Fifisha madoa

Asidi azelaiki ya 15% au 20% ndiyo ninayoipenda zaidi kwa ngozi nyeusi, kwa sababu inapunguza chunusi na rangi iliyozidi kwa pamoja. Ipe wiki 12 kabla ya kuihukumu. Mchana paka sanskrini ya SPF 30 au zaidi, kiasi cha mistari miwili inayojaza urefu wa vidole viwili, kwa uso na shingo. Tafuta yenye rangi, iliyotiwa oksidi za chuma, kwa maana hata mwanga wa kawaida unaoonekana huongeza weusi wa madoa kwenye ngozi yetu, na sanskrini isiyo na rangi haiuzuii vizuri.

Krimu zinazouzwa bila maandishi ya viambato usiziguse. Vipodozi vyenye haidrokwinoni au zebaki vimepigwa marufuku Kenya. Haidrokwinoni ikipakwa muda mrefu bila usimamizi inaweza kuacha weusi wa kibuluu ambao ni mgumu kutibu kuliko doa la mwanzo.

Hatua ya 4: Mashimo, baada ya chunusi kutulia

Mashimo mapana yasiyo na kina kirefu huitikia vizuri matibabu ya sindano ndogondogo, yanayochochea kolajeni mpya na kuhatarisha rangi ya ngozi kidogo kuliko leza nyingi. Yafanywe kliniki, mara tatu hadi sita, kila baada ya wiki nne hadi sita. Roli za nyumbani sizikubali: sindano hafifu hukwaruza, na usafi wake ni mashaka. Mashimo yanayovutwa chini na nyuzi za kovu huhitaji nyuzi hizo zikatwe kwa sindano. Vitundu vyembamba vyenye kina huguswa kwa tone la asidi kali. Hapo huwa najaribu kitundu kimoja kwanza, kisha nangoja wiki sita nione kama kitaacha weusi. Ukiwa na historia ya kiloidi, yaani makovu yanayovimba na kukua, sema kabla sindano haijagusa uso.

Binti wa Kibuye aliacha krimu ile. Chunusi zilichukua miezi mitatu kutulia, kisha tukafanya sindano mara nne. Miezi mitatu baada ya ile ya mwisho nilizima taa tena. Vivuli vya mashavuni vilikuwa vimepungua, takribani nusu. Vitundu viwili vyembamba karibu na sikio vilikuwa vilevile, kama nilivyomwonya mwanzoni, na sasa tunangoja jaribio la tone kwenye kimoja.