SOMO: Umelipa mara mbili kwa muuzaji wa mtandaoni? Andika ombi la kurudishiwa hivi

Swali hili limerudi mara nyingi mno, kwa hiyo naliweka hapa nibaki kuelekeza watu tu. Somo linahusu hali moja: oda ni moja, malipo ni mawili. Ukiwa na oda mbili zenye namba tofauti, wewe unahitaji kughairi oda, na hiyo ni mada nyingine.

1. Hakikisha pesa imekatwa kweli. Kwenye kadi, malipo yaliyokwama mara nyingi huacha alama tu: benki inaishikilia pesa, muuzaji hajaichukua. Kwenye orodha ya miamala utaona neno kama *Pending*. Pesa ya namna hiyo huachiwa yenyewe baada ya siku chache, na muuzaji hawezi kurudisha kitu ambacho hakijamfikia. Subiri mpaka miamala yote miwili ionekane imekamilika ndipo uandike.

2. Chukua namba ya kila muamala. Namba ya oda peke yake haitoshi, kwa sababu malipo yote mawili yanaibeba hiyohiyo.

3. Tambua ni muamala upi uliozidi. Hapa ndipo wengi wanaharibu, soma polepole.

Watu hudhani kilichozidi ni malipo ya pili. Si lazima. Tazama jinsi inavyotokea: unalipa, benki inakubali, lakini taarifa haifiki kwenye mfumo wa muuzaji. Ukurasa unaganda au unakuambia malipo yameshindikana. Unalipa tena, safari hii taarifa inafika, oda inathibitishwa. Sasa oda imefungwa kwenye malipo ya PILI, na malipo ya kwanza yanaelea bila oda. Ukiomba urudishiwe ya pili, mifumo mingi itaihesabu oda kuwa haijalipiwa na kuisimamisha. Unabaki huna mzigo, na pesa moja bado iko kwao.

Fungua risiti au barua pepe ya uthibitisho wa oda, uangalie namba ya muamala iliyoandikwa. Hiyo ndiyo ya kubaki. Ile isiyoonekana kwenye risiti ndiyo ya kudai. Kama risiti haina namba yoyote, taja zote mbili na uwaombe warudishe ile isiyofungamana na oda. Usibahatishe.

4. Chagua njia ya kurudishiwa. Omba irudi ilikotoka: kadi ileile, au akaunti ileile ya pesa za simu. Wauzaji wengi huruhusiwa njia hiyo tu, na mfumo unayaunganisha marejesho na muamala wa awali, kwa hiyo ni rahisi kufuatilia. Akaunti nyingine iombe tu kama ya awali imefungwa, na useme hivyo waziwazi. Tegemea kuulizwa uthibitisho wa jina. Vocha ya dukani usiikubali kwa sababu tu wameitanguliza.

5. Andika. Mfano kamili:

> Oda 20481: imelipiwa mara mbili, naomba kurudishiwa muamala mmoja
>
> Habari. Oda 20481 ya tarehe 3 Machi imelipiwa mara mbili kwa kadi inayoishia 7306:
>
> 14:06, dola 64.00, muamala TX7Q4M19KD
> 14:09, dola 64.00, muamala TX7Q4N52RB (huu ndio ulio kwenye risiti yenu)
>
> Naomba mrudishe dola 64.00 za muamala TX7Q4M19KD pekee, kwenye kadi ileile iliyolipia. Oda yenyewe siighairi, naomba iendelee.
>
> Mkishatuma, naomba mnijulishe tarehe na namba ya kumbukumbu ya marejesho. Nimeambatisha risiti na sehemu ya taarifa ya benki inayoonyesha makato yote mawili.

Sentensi ya "oda siighairi" usiifute. Mhudumu anayesoma haraka akiona neno "kurudishiwa" huenda akaghairi oda nzima.

Namba za miamala zinakili, usizichape kwa mkono. Herufi O na sifuri, I na 1, zimeshapoteza siku za watu.

6. Tuma kupitia ukurasa wa oda yako au anwani rasmi ya huduma, utunze namba ya ombi.

---

kijiti_cha_moto: Mimi nimekatwa mara mbili, nifanyeje?

Mwandishi: Anza hatua ya 1. Ukifika ya 6 utakuwa umeshafanya.

kijiti_cha_moto: Nimesoma, ila nataka haraka. Kuna mtu amenipigia anasema ni wa dukani, anataka namba iliyoingia kwenye simu ili anirudishie.

Mwandishi: Kata simu, na usimpe. Kurudishiwa pesa hakuhitaji PIN, OTP wala zile tarakimu tatu za nyuma ya kadi. Tarakimu nne za mwisho za kadi zinatosha. Na ukiletewa ombi kwenye simu la "kubali ili pesa irudi", soma vizuri: aghalabu ni ombi la wewe kulipa. Kama umeshampa, ongea na benki sasa hivi kabla ya kuendelea na somo.

upepo_wa_kusi: Mkuu, muuzaji anasema ametuma siku sita zilizopita, kwangu hakuna kitu. Nani anadanganya?

Mwandishi: Pengine hakuna anayedanganya. Kwenye kadi, siku 5 hadi 10 za kazi ni jambo la kawaida. Mwombe muuzaji ARN, ni namba ya tarakimu 23 inayofuatana na marejesho ya kadi. Ipeleke benki yako, wataweza kuyatafuta nayo. Kama hana cha kukupa hata baada ya siku kadhaa, hapo ndipo uanze kuwa na shaka kama aliyatuma kweli. Angalia pia miamala ya siku ile ya malipo: wakati mwingine makato ya awali yanafutwa tu, na hutaona mstari mpya wa pesa kuingia.

nyota_njema: Je, nikidai benki na muuzaji kwa pamoja si itakwenda haraka zaidi?

Mwandishi: Hapana. Benki ikishafungua pingamizi, wauzaji wengi husitisha marejesho yao ili wasilipe mara mbili. Anza na muuzaji, mpe muda ulioandikwa kwenye masharti yake. Akikaa kimya au akikataa, nenda benki ukiwa na risiti, namba zote mbili na mazungumzo yenu. Usilaze jambo lenyewe pia, kwani pingamizi lina ukomo, kwa kawaida miezi michache tangu muamala.

bahari_shwari: Pesa imerudi lakini imepungua kidogo. Nililipa kwa sarafu ya nje.

Mwandishi: Swali zuri. Muuzaji amerudisha kiasi kilekile cha sarafu yake, ila benki yako imebadilisha kwa kiwango cha siku ya kurudi, na huenda ada ya kubadilisha haikurudi. Linganisha kiasi cha sarafu ya muuzaji kwanza. Kikiwa sawa, muuzaji hana deni, tofauti iulize benki. Ndiyo maana kwenye ombi unaandika kiasi kwa sarafu iliyo kwenye risiti, si ile ya taarifa ya benki.

kijiti_cha_moto: Risiti yangu ina namba moja tu.

Mwandishi: Ndivyo inavyotakiwa. Hatua ya 3.

upepo_wa_kusi: Nyongeza kwa wengine: ukurasa ukiganda wakati wa kulipa, angalieni kwanza ujumbe wa benki na orodha ya oda zenu kabla ya kubonyeza tena.

Mwandishi: Naam. Na msirudi nyuma kwenye kivinjari kisha mkalipa upya. Fungueni oda ileile kwenye akaunti mwone kama imeandikwa imelipiwa.