Somo: Wawili mezani, na wa tatu mlangoni

Somo hili linahusu jambo moja: namna ya kuweka kamera pale watu wawili wanapozungumza mezani, kisha mtu wa tatu akaingia, bila mtazamaji kupoteza hata mara moja habari ya nani anamtazama nani. Nimelichagua kwa sababu senario nyingi tunazopiga hapa Lubumbashi zinatokea ndani ya chumba kimoja kidogo, na chumba kidogo ndicho kinachotushawishi kuhamisha kamera ovyo.

Filamu yangu fupi ya kwanza niliipiga katika nyumba moja ya Kamalondo. Mume na mke walikuwa wameketi wakitazamana. Mume nilimpiga nikiwa upande wa dirisha, lakini ilipofika zamu ya mke niliona nuru inamkaa vizuri zaidi kutoka upande wa pili wa meza, nikahamisha trepie. Kila picha peke yake ilikuwa nzuri. Kwenye montaji, hata hivyo, wote wawili walikuwa wanatazama kulia, na mama mmoja jirani aliyekuja kuangalia aliniuliza, "Na huyo wanayemtazama wote wawili ni nani?" Swali lake lilinifundisha kuliko lolote nililokuwa nimesoma.

Tuchukue mfano huu. Tuko Katuba, jioni. Mama na kijana wake wameketi mezani. Kijana alipewa feranga za shule, naye amenunulia simu. Mama anauliza kama amelipa, kijana anadanganya mara mbili, ndipo mama anavuta karatasi ya shule kutoka chini ya kitambaa cha meza na kuisukuma mbele yake. Muda si mrefu mjomba anasimama mlangoni. Mlango uko katikati ya ukuta mmoja mrefu na unatazama lupango, ambako chungu kiko juu ya mbabula. Dirisha liko katika ukuta unaoukabili mlango.

Hatua ya kwanza: tafuta mahali tukio linapogeuka

Kabla ya kugusa kamera, soma senario na uweke alama mahali mambo yanapogeuka. Hapa ni pale karatasi inapotokea. Picha ya karibu sana ya uso, ile inayoanzia juu ya paji na kuishia kidevuni, tunaiweka akiba mpaka hapo. Ukianza nayo wakati mama bado anauliza habari za siku, utakapofika kwenye karatasi hutakuwa na mahali pa kusogea zaidi, na mtazamaji hataona kwamba jambo limebadilika.

Hatua ya pili: chora mstari

Chora chumba kwenye karatasi kana kwamba unakitazama kutoka darini. Weka mama upande mmoja wa meza na kijana upande wa pili, kisha vuta mstari kutoka macho ya mmoja hadi macho ya mwenzake na uuendeleze mpaka ukutani pande zote mbili. Huo ndio mstari wa tendo. Unakigawa chumba mara mbili, nawe unachagua nusu moja na kubaki humo, yaani ndani ya nusu duara ya digrii 180. Sisi tunachagua upande wa dirisha, kwa sababu mbili: nuru itaingia kutoka upande wa kamera, na mlango utaonekana nyuma ya wahusika, hivyo mjomba atakapofika tutamwona bila kuhama.

Ukisimama dirishani, mama yuko kushoto mwa picha na kijana kulia. Andika kwenye karatasi yako kwa herufi kubwa: MAMA ANATAZAMA KULIA, KIJANA ANATAZAMA KUSHOTO. Mimi huuchora mstari huo hata sakafuni kwa chaki, kwa maana ikifika saa kumi na moja jioni, nuru ikipungua na wachezaji wakichoka, hakuna anayeukumbuka kwa kichwa.

Hatua ya tatu: picha pana, kisha picha za kujibizana

Piga kwanza tukio zima kwa picha pana, watu wote wawili, meza na mlango vikionekana. Picha hii ndiyo inayomwambia mtazamaji nani ameketi wapi, na kila picha itakayofuata ataipima kwa hiyo.

Kisha njoo kwenye shampu na kontrashampu, kama wengi wetu tulivyozoea kusema. Kwa kumpiga mama, kaa nyuma ya kijana juu ya bega lake la kushoto, lile lililo upande wa dirisha: mgongo wake utashika ukingo wa kulia, na mama atakuwa kushoto akitazama kulia. Kwa kumpiga kijana, kaa nyuma ya mama juu ya bega lake la kulia. Ukijikuta unapiga juu ya bega lingine, ujue umeuvuka mstari, hata kama umesogea hatua mbili tu.

Picha hizo mbili ni mapacha na zinapaswa kufanana. Pima kwa kamba umbali wa kamera hadi usoni, tuseme mita moja na nusu, na uutumie uleule kwa mwingine. Lenzi iwe ileile, na ukubwa wa kichwa ndani ya picha uwe uleule. Kamera iwe kwenye kimo cha macho ya aliyeketi. Mmoja akipigwa kutoka juu na mwingine kutoka chini, mtazamaji ataelewa kwamba mmoja anamtawala mwenzake. Sisi hatutaki kulisema hilo mapema, kwa sababu kijana bado anaamini kwamba uongo wake umepita.

Hatua ya nne: kusogea

Baada ya uongo wa pili tunaingia karibu. Hapa kuna mambo mawili ambayo wanaoanza huyakosea.

La kwanza ni kubadilisha ukubwa kidogo mno. Ukitoka kwenye picha ya mama kuanzia kiunoni hadi picha yake ya kuanzia tumboni, kwa pembe ileile, jicho linaona kana kwamba picha imeruka. Ama ubadilishe ukubwa kwa kiasi kinachoonekana wazi, kutoka kiunoni hadi mabegani, ama uizungushe kamera angalau digrii 30 kumzunguka mhusika. Mimi hufanya yote mawili. Ukingo wa picha, nao, usiukate kwenye kiungo kama shingo, kiwiko au goti. Kata juu yake au chini yake kidogo.

La pili ni ukaribu wa kamera na mstari wenyewe. Kadiri kamera inavyousogelea mstari, ndivyo macho ya mhusika yanavyoisogelea lenzi, na ndivyo mtazamaji anavyojihisi ameketi kwenye kiti cha yule anayetazamwa. Kwa hiyo mwanzo wa mazungumzo ninapiga nikiwa mbali na mstari, uso ukionekana kwa upande, na karatasi inapotokea kamera iko karibu kabisa na mstari, macho ya mama yakipita kando tu ya lenzi. Kijana anatazamwa, nasi tunatazamwa pamoja naye. Badiliko hilo linafanya kazi kubwa kuliko muziki wowote utakaouongeza baadaye.

Karatasi yenyewe ipigwe peke yake: mkono wa mama, kitambaa, karatasi ikisukumwa. Mkono uende kutoka kushoto kwenda kulia, kwa sababu kijana yuko kulia.

Hatua ya tano: mjomba anaingia

Mtu wa tatu anapoingia, kunazaliwa mistari miwili mipya: mmoja kati yake na mama, mwingine kati yake na kijana. Hapo ndipo wengi hupotea. Suluhisho letu lilikwisha kuandaliwa tulipochagua upande wa dirisha. Rudi kwenye picha pana ili mtazamaji aone mlango unafunguka, mama akigeuza kichwa. Kisha weka kamera upande wa dirisha, kati ya viti viwili, ukimtazama mjomba. Akimsemesha mama atatazama kushoto mwa picha, akimsemesha kijana atatazama kulia. Pembe tatu zote zinabaki sawa kwa sababu kamera haikutoka katika nusu yake.

Mjomba amesimama na wenzake wameketi, kwa hiyo acha kamera kwenye kimo cha macho ya walioketi, uinue tu lenzi yake imtazame usoni. Hapa utawala wa kimo una maana, maana yeye ndiye atakayeamua. Kijana naye apigwe kwa kumtazama kutoka juu kidogo. Kidogo kinatosha; ukizidisha, inakuwa tamthilia ya wachawi.

Maswali ya wanachama

Swali: Yaya, mimi nimekwisha kupiga na mwigizaji mmoja anatazama upande usio sahihi. Siwezi kuigeuza picha kwenye montaji, kushoto iwe kulia?

Jibu: Unaweza, ikiwa ndani ya picha hakuna maandishi, saa ya mkononi, shati lenye mfuko upande mmoja wala nuru ya dirisha ambayo itahamia ukuta usio wake. Kalenda ukutani itakuumbua mara moja. Vinginevyo, weka kati ya picha hizo mbili kitu kisicho na upande, kama mvuke wa chungu juu ya mbabula, halafu urudi kwa picha pana ya upande mpya ili mtazamaji ajipange upya. Jeraha litaonekana kwa anayelijua, ila hadithi itafuatika.

Swali: Nina simu tu. Kwa picha ya karibu, nivute kwa vidole au nisogee?

Jibu: Sogea, ndugu yangu, lakini usifike sentimita thelathini kutoka usoni, kwa kuwa lenzi pana ya simu itaikuza pua na kuyarudisha masikio nyuma. Baki karibu mita moja. Kama simu ina lenzi ya pili inayovuta, itumie hiyo kwa wahusika wote wawili, si kwa mmoja tu. Kuvuta kwa vidole kunakata tu picha na kuifanya iwe na chembechembe, hasa jioni.

Swali: Je, kuna njia halali ya kwenda upande wa pili wa mstari?

Jibu: Ziko. Mwachie mhusika ahame ndani ya picha moja isiyokatwa: kijana ainuke, apite nyuma ya mama, asimame kushoto. Mtazamaji amemwona akihama, hivyo mstari umehama pamoja naye. Au kamera yenyewe itembee na kuvuka huku ikiendelea kurekodi. Kinachokatazwa ni kuvuka wakati kamera imezimwa.

Swali: Na ndani ya teksi, dereva na abiria wake, mstari uko wapi?

Jibu: Dada, hapo ni miwili. Mmoja unapita kati ya nyuso zao, mwingine ni wa safari yenyewe. Ikiwa nje gari linatoka Katuba kwenda mjini likielekea kulia mwa picha, basi picha za ndani zipigwe kutoka upande uleule wa gari, mandhari ya dirishani yapite kulia kwenda kushoto. Ukimpiga dereva kutoka dirisha lake na abiria kutoka dirisha la pili, mtazamaji ataona magari mawili yanayopishana. Picha inayokuokoa ni ile ya mbele, kupitia kioo kikubwa, wote wawili wakionekana: hiyo iko juu ya mstari wa safari wenyewe, na baada yake unaweza kuchagua upande wowote.