Usaili wa video wa kujirekodi kwa simu, ukiwa Tukuyu, Mafinga au Makambako

Mwongozo huu ni wa anayetumia simu ya Android na bando la kawaida. Mfano wa kufuata ni kijana wa Kiwira aliyeomba kazi ya afisa ugani kwenye kampuni inayonunua parachichi. Mwaliko wake ulisema hivi: maswali 5, sekunde 30 za kujiandaa kwa kila swali, sekunde 90 za kujibu, na hakuna kurudia jibu.

Hatua ya 1: Soma saa ya mwisho

Ikiandikwa 5:00 PM, hiyo ni saa kumi na moja jioni. Ikiandikwa 23:59 GMT, ongeza saa 3: kwetu inakuwa saa nane na dakika 59 usiku, na tarehe imeshageuka. Usingoje hadi huko. Rekodi siku moja kabla, ili kukitokea hitilafu mwajiri awe bado na muda wa kukufungulia upya.

Hatua ya 2: Chagua chumba na saa

Chumba kiwe na dari. Mvua ya Rungwe ikipiga kwenye bati tupu, sauti yako haisikiki, na hakuna maiki ya simu itakayokuokoa. Kwa kuwa wakati wa masika mvua huja mara nyingi kuanzia mchana, rekodi asubuhi, saa moja hadi saa tatu, ambapo pia mtandao una watu wachache. Kaa ukitazama dirisha. Dirisha likiwa nyuma yako, kamera itajipimia kwa mwanga wa nje na uso wako utatoka mweusi.

Simu iegemee kitu kizito, kamera iwe usawa wa macho. Vitabu kadhaa juu ya meza vinatosha.

Hatua ya 3: Ruhusa za kamera na maiki

Hapa ndipo watu wengi hukwama kwa saa nzima, kwa hiyo tuende polepole.

Fungua linki kwenye Chrome yenyewe. Ukiibonyeza ndani ya Facebook au Instagram, itafunguka kwenye kivinjari kidogo cha programu hiyo, ambacho mara nyingi hakipati kamera. Shikilia linki, nakili, kisha ibandike Chrome.

Ukurasa utaomba kutumia kamera na maiki. Bonyeza Allow kwa vyote viwili. Ukibonyeza Block kwa haraka, Chrome haitauliza tena, na kufungua ukurasa upya hakusaidii kitu. Kuna milango mitatu ya kukagua, na mmoja ukifungwa, miwili mingine haina kazi:

1. Mlango wa tovuti: bonyeza alama iliyo kushoto mwa anwani juu ya ukurasa, ingia Permissions, ruhusu Camera na Microphone.
2. Mlango wa programu: kwenye Settings ya simu ingia Apps, Chrome, Permissions, ruhusu vilevile.
3. Mlango wa simu nzima: kuanzia Android 12, ukishusha pazia la juu unaweza kukuta vitufe vya Camera access na Mic access. Mtu huzima kimoja bila kujua, na huu ndio mlango unaosahaulika kuliko yote.

Dalili zitakuonyesha pa kuanzia. Picha ikiwa nyeusi lakini mstari wa sauti unacheza ukizungumza, tatizo ni kamera, au kuna programu nyingine imeishikilia. Funga WhatsApp na programu ya kamera. Picha ikionekana lakini mstari wa sauti umelala, ni maiki. Kabla ya kuhangaika zaidi zima bluetooth, kwani simu inaweza kuwa inasikiliza kupitia spika iliyo chumba cha pili.

Kwa maiki, tumia hedfoni za waya. Zile za bluetooth sizishauri kabisa: maiki yake ikianza kufanya kazi, sauti hushuka ubora na kuwa kama ya simu ya kawaida, na maneno yanakatika.

Hatua ya 4: Mtandao wa kupandisha

Video kuonekana vizuri YouTube hakukuambii lolote hapa, kwa sababu hiyo ni kasi ya kushusha. Wewe unahitaji ya kupandisha. Fungua fast.com, bonyeza Show more info, usome namba ya Upload. Ikiwa 2 Mbps au zaidi, anza. Chini ya 1, sogea karibu na dirisha au hama mahali.

Hesabu ya kijana wetu: maswali 5 kwa sekunde 90 ni dakika 7 na nusu. Video ya ubora wa kati hula takribani MB 8 hadi 20 kwa dakika, kwa hiyo anahitaji kama MB 60 hadi 150. Bando la GB 1 linamwachia nafasi ya kujaribu.

Simu ikiingia katikati ya jibu, inaweza kunyakua maiki. Kwenye baadhi ya simu, laini huacha 4G kila inapopigiwa na data hukatika. Kuweka Do not disturb huzima mlio tu. Njia ninayoiamini ni kuweka simu ya kurekodia kwenye Airplane mode, kisha kuwasha Wi-Fi na kupokea hotspot kutoka simu nyingine, yenye laini ambayo ndugu na marafiki hawana namba yake.

Mwisho, Screen timeout iwe dakika 10 au zaidi, na chaji isipungue asilimia 60. Umeme ukikatika utamaliza bila wasiwasi.

Hatua ya 5: Jibu la sekunde 90

Swali la tatu la kijana yule lilikuwa: eleza wakati ambapo mkulima alikataa ushauri wako. Aligawa muda hivi. Sekunde 10: mkulima wa parachichi aina ya Hass alitaka kuvuna mapema kwa sababu mchuuzi alikuwa na fedha mkononi. Sekunde 20: parachichi changa husinyaa badala ya kuiva, na mzigo hukataliwa. Sekunde 40: alichuma tunda moja, akalipasua, akamwonyesha ganda la kokwa likiwa bado jeupe na nene, wakati kwenye tunda lililokomaa huwa jembamba na la kahawia, kisha akaacha matunda mengine mawili ndani ya nyumba ya mkulima. Sekunde 15: baada ya siku kumi yalikuwa yamesinyaa, na mkulima akaahirisha kuvuna. Sekunde 5 zilizobaki aliziacha wazi, maana saa ikifika sifuri rekodi hukatwa hata kama uko katikati ya neno.

Kwenye zile sekunde 30 andika maneno manne tu kwenye karatasi. Ukiandika sentensi utazisoma, na macho yanayotembea mstari kwa mstari yanaonekana wazi. Bandika kipande cha karatasi ya rangi kando ya lenzi, na hapo ndipo utazame. Alama ya kurekodi ikiwaka, vuta pumzi moja kabla ya neno la kwanza, la sivyo mwanzo wa sentensi hukatwa.

Hatua ya 6: Kutuma

Usifunge ukurasa, usirudi nyuma, usihamie WhatsApp. Kwa kasi ya 0.5 Mbps jibu moja linaweza kuchukua dakika 3 au zaidi kupanda. Subiri maneno ya kuthibitisha, kisha piga picha ya skrini.

Likiganda zaidi ya dakika 20, piga picha ya skrini ikionyesha saa, fungua linki ileile kwenye simu ileile na kivinjari kilekile, uone kama mfumo umekurudisha ulipoishia. Ikishindikana, mwandikie mwajiri saa hiyohiyo: jina lako, nafasi uliyoomba, namba ya swali ulilokwama, saa ilipotokea, na picha uambatanishe. Omba afungue upya swali hilo tu.