Somo: ArduPilot, iNav, PX4 au Betaflight kwa droni ya kujiundia

Swali la famwea gani, yaani programu inayoiendesha droni, iwekwe kwenye bodi huulizwa mapema mno, kabla mtu hajasema droni yake itafanya kazi gani. Nitachukua mfano mmoja nao tutautembeza hadi mwisho: droni ya mota nne, fremu ya inchi 7, inayotakiwa kupiga picha za shamba kutoka juu kwa mistari iliyonyooka na kurudi yenyewe.

Hatua ya 1: Andika droni ifanye nini ukiwa hujashika rimoti

Hapa ndipo famwea hizi zinapoachana. Betaflight imetengenezwa kwa mtu anayeshika vijiti muda wote. Inaitikia mikono upesi na kwa ulaini ambao zingine zinaufikia kwa taabu, na ina GPS Rescue ya kuirudisha droni ikipoteza mawasiliano. Lakini si chombo cha kufuata ramani ya safari. iNav ilitokana na ukoo huohuo, ikaongezewa kurudi nyumbani, kushikilia kimo na kupita vituo vya GPS. ArduPilot na PX4 zilianza upande mwingine kabisa: kwanza chombo kijiendeshe, mkono wa rubani uje baadaye.

Sasa turudi shambani. Tuseme kwa kimo chetu picha moja inafunika mita 60 kuelekea mbele, nasi tunataka picha zipishane kwa asilimia 75. Basi kamera ipige kila baada ya mita 15. Ukitumia saa badala ya umbali, droni ikipunguza mwendo kwenye kona picha zinarundikana, na ukibadilisha kasi ya safari hesabu yote inavurugika. ArduPilot ina amri ya safari inayopiga kamera kwa umbali, `DO_SET_CAM_TRIGG_DIST`, na Mission Planner, programu ya kompyuta ya kupanga safari, huchora mistari ya shamba na kuiweka amri hiyo yenyewe. Kwangu hilo peke yake linamaliza mjadala kwa kazi hii. Kama ungetaka tu kuzunguka, kusimama hewani na kurudi salama, iNav ingetosha na ungeipanga kwa muda mfupi zaidi.

Hatua ya 2: Soma bodi kabla ya kununua

Tazama jina la chipu. Bodi za STM32F411 zina kumbukumbu ya KB 512, na ArduPilot haiingii humo. STM32F405 ina MB 1: ArduPilot inaingia, ila baadhi ya vipengele vimeondolewa ili itoshe. STM32H743 ina MB 2 na hubeba vyote. Usiamini chipu peke yake. Hakikisha jina kamili la bodi yako limo kwenye orodha ya ArduPilot, maana kila bodi ina mpangilio wake wa pini.

Kisha tazama dira. Bodi nyingi za droni za mbio hazina dira, na ArduCopter, yaani ArduPilot ya droni za mota nyingi, huitegemea kwa safari za GPS. Ndiyo maana moduli ya GPS yenye nyaya nne haifai hapa. Tafuta yenye sita: umeme, ardhi, TX, RX, na mbili za dira, SDA na SCL. Bodi nayo iwe na mahali pa kuzichomelea hizo mbili za mwisho.

Hatua ya 3: Pakia famwea

Kama bodi ilikuwa na Betaflight, fungua CLI, dirisha lake la kuandikia amri, andika `diff all` na uhifadhi matokeo yake. Ukitaka kurudi utayahitaji. Halafu shikilia kitufe cha BOOT huku ukichomeka USB, upakie faili la `arducopter_with_bl.hex` la bodi yako. Mara ya kwanza lazima liwe hilo lenye `with_bl`, kwa sababu linabeba pia kipakizi cha ArduPilot. Masasisho ya baadaye yatapita Mission Planner kama kawaida.

Hatua ya 4: Mpangilio wa mota

Tulia hapa, maana hapa ndipo droni nyingi zilizohamishwa kutoka Betaflight hupinduka sekunde ya kwanza. Betaflight huita mota ya nyuma kulia namba 1. ArduPilot, kwa umbo la X la kawaida, huita ya mbele kulia namba 1. Nyaya za ESC ya nne-kwa-moja, kidhibiti cha mwendo wa mota zote nne, zimefuata Betaflight. Ukiacha ArduPilot iamini umbo lake, itaongeza nguvu mbele kulia, na mota itakayojibu ni ya nyuma. Droni inainama zaidi, famwea inasahihisha zaidi, na kila sahihisho linaizidisha. Huna haja ya kuchomelea upya:

```
FRAME_CLASS,1
FRAME_TYPE,12
MOT_PWM_TYPE,5
```

Namba 12 ni mpangilio wa Betaflight, na 5 ni DShot300, lugha ambayo bodi huitumia kuongea na ESC. Kama propela zako zinazunguka kwa mtindo uliogeuzwa, tumia 18 badala ya 12.

Vua propela zote, kisha fungua Motor Test kwenye Mission Planner. Kitufe A lazima kizungushe mbele kulia, B nyuma kulia, C nyuma kushoto, D mbele kushoto. Herufi hufuata mzunguko wa saa, si namba za mota. Angalia pia kila mota inazunguka upande gani: kwa 12, mbele kulia na nyuma kushoto huenda kinyume cha saa.

Hatua ya 5: Ruka kidogo, soma logi

Simamisha droni hewani kwa modi ya Stabilize, kisha AltHold inayoshikilia kimo, dakika moja au mbili tu. Shusha, fungua logi, tazama `VIBE`, yaani mtikisiko. Thamani zikiwa chini ya 30 kwa kawaida ni sawa. Zikipita 60, karibu kila mara kimo au mahali pa kusimama patasumbua. Tafuta propela iliyopinda, skrubu iliyolegea au waya unaogusa bodi kabla ya kugusa PID, namba za kurekebisha uitikiaji wa droni. Safari ya shambani isubiri logi iwe safi.

Maswali ya wanachama

Swali: Fundi, nina bodi ya F411 na pesa ya nyingine sina. Nifanyeje?

Jibu: Weka Betaflight, ongeza GPS, upange GPS Rescue vizuri. Itakupa droni nzuri ya kurusha kwa mkono. Picha za shamba kwa safari ya kujiendesha zisubiri bodi nyingine.

Swali: Mbona PX4 umeipita haraka? Kazini kwetu wanaisifu.

Jibu: Ni kweli ina nafasi yake, ndugu. Kama mna kompyuta ndogo juu ya droni inayotumia ROS 2 kutoa maelekezo, PX4 imeunganishwa nayo kwa karibu sana. Leseni nayo ni tofauti: PX4 ni BSD, inaruhusu kampuni kufunga mabadiliko yake. ArduPilot ni GPLv3, ukimpa mteja droni yenye famwea uliyoibadilisha, ana haki ya kupata msimbo wake. Ila kwa bodi ndogo za fremu ya inchi 7, ArduPilot ina orodha ndefu zaidi.

Swali: Yangu kwenye Loiter, modi ya kusimama mahali pamoja kwa GPS, huanza kuzunguka duara, na duara linapanuka. AltHold iko sawa kabisa.

Jibu: AltHold haitumii mahali, kwa hiyo shuku dira kwanza. Rudisha AltHold mara tu duara linapoanza, usisubiri. Kisha tazama mshale wa moduli ya GPS umeelekea mbele, na kama sivyo, rekebisha `COMPASS_ORIENT`. Inua moduli mbali na nyaya za betri, kwa kuwa umeme mkubwa huivuta dira. Pima upya dira ukiwa nje, mbali na chuma.

Swali: Ikipoteza rimoti itarudi kwa kimo gani?

Jibu: RTL, modi ya kurudi nyumbani ya ArduCopter, huja ikiwa imewekwa mita 15. Ikiwa chini ya hapo itapanda kwanza, ikiwa juu itarudi kwa kimo ilichonacho. Kama kati yako na shamba kuna miti mirefu kuliko hapo, ongeza kabla hujaruka. Jaribu kwa kuzima rimoti makusudi, mota zikiwa hazina propela, uone modi inabadilika kwenye skrini. Ukizima ikiwa imekaa chini, inaweza kuzima mota badala ya kuonyesha RTL. Hiyo ni kinga ya kawaida ya ardhini. Hewani, ipime kwa kugeuza swichi ya RTL huku vidole viko tayari kurudisha modi.