Somo: Kuandika barua pepe ya kuacha kazi yenye tarehe za makabidhiano zinazoeleweka

Mwaka jana dada mmoja mhasibu aliniletea rasimu ya barua yake ya kuacha kazi katika kampuni ya usambazaji hapa Dar es Salaam. Alikuwa anaondoka vizuri, hana kinyongo na mtu. Rasimu yenyewe ilisema hivi:

*Bosi habari. Napenda kukujulisha kuwa nimepata nafasi sehemu nyingine, hivyo nitaondoka mwishoni mwa mwezi. Nitajitahidi kukabidhi kila kitu kabla ya hapo. Naomba radhi kwa usumbufu utakaojitokeza. Asante kwa yote.*

Haina neno baya hata moja. Lakini "mwishoni mwa mwezi" bosi ataisoma tarehe 30, afisa utumishi ataisoma Ijumaa ya mwisho, na mwajiri mpya anamsubiri tarehe 1. "Kila kitu" haimwambii bosi ajiandae na nini. Na "asante kwa yote" ni shukrani unayoweza kumpa hata kondakta wa daladala.

Tuliirekebisha kwa hatua hizi.

Hatua ya 1: Hesabu notisi kabla ya kuandika chochote

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 41, inataka notisi isiyopungua siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Iwe kwa maandishi, itaje sababu na tarehe inapotolewa. Mkataba unaweza kuweka muda mrefu zaidi, mradi uwe sawa kwa pande zote mbili. Mkataba wa huyu dada ulisema mwezi mmoja. Tukachagua aitoe Ijumaa 29 Agosti 2025, ili Septemba nzima iwe notisi na siku ya mwisho iwe Jumanne 30 Septemba. Hapo hakuna wa kubishana naye juu ya siku.

Hatua ya 2: Pangilia makabidhiano kwa kalenda ya kazi

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanaweka makabidhiano yote siku mbili za mwisho, kana kwamba kazi inajua kuwa wao wanaondoka. Kazi ina tarehe zake. Kwa mhasibu, kodi ya mishahara inafika TRA kufikia tarehe 7 ya mwezi unaofuata, na ritani ya VAT kufikia tarehe 20. Tulipoziandika kwenye karatasi, tukaona jambo ambalo rasimu ililificha: kodi ya mishahara ya Septemba itadaiwa 7 Oktoba, na VAT ya Septemba 20 Oktoba, yeye akiwa ameshaondoka. Asipoyataja hayo, faini itaingia kwa jina la kampuni na lawama kwa jina lake.

Tukapanga pia mrithi afanye kazi kwa mkono wake angalau mara moja mhusika akiwa bado yupo. Kumwonyesha mtu mfumo wa kodi kwa nusu saa hakutoshi. Nywila iliyokwisha muda anaigundua siku anapoingia mwenyewe.

Hatua ya 3: Zungumza kwanza, kisha tuma

Bosi asilikute jambo hili kwenye simu yake akiwa foleni ya Ubungo. Nenda ofisini kwake asubuhi, mwambie, halafu tuma siku hiyohiyo, nakala kwa afisa utumishi, na barua iliyosainiwa uiambatishe.

Hii ndiyo barua iliyotumwa:

> Yah: Taarifa ya kuacha kazi, siku ya mwisho 30 Septemba 2025
>
> Ndugu Meneja,
>
> Kama tulivyozungumza asubuhi, leo Ijumaa 29 Agosti 2025 natoa notisi ya mwezi mmoja kwa mujibu wa mkataba wangu. Siku yangu ya mwisho kazini itakuwa Jumanne 30 Septemba 2025. Ninaondoka kwa kuwa nimepata nafasi ya uhasibu wa gharama, eneo ambalo nimekuwa nikilisomea.
>
> Miaka minne iliyopita ulinikabidhi vitabu vya matawi mawili nikiwa sijawahi kufunga hesabu za mwezi peke yangu, ukakaa nami hadi usiku hadi zikafungika. Sijasahau, na ninakushukuru.
>
> Napendekeza makabidhiano yaende hivi:
>
> 3 Septemba: nawasilisha kodi ya mishahara ya Agosti.
> 8 Septemba: naomba uwe umemteua atakayepokea kazi.
> 12 Septemba: namkabidhi orodha ya wadaiwa na wasambazaji, pamoja na madai yenye mgogoro.
> 18 Septemba: yeye anawasilisha ritani ya VAT ya Agosti, nami nikiwa pembeni yake.
> 25 Septemba: anaandaa mishahara ya Septemba, nami naikagua.
> 29 Septemba: tunasaini hati ya makabidhiano, narudisha kompyuta na funguo za kabati la vocha.
>
> Mambo mawili yatabaki baada yangu: kodi ya mishahara ya Septemba (mwisho 7 Oktoba) na VAT ya Septemba (mwisho 20 Oktoba). Kwa hayo mawili nitapokea simu hadi 20 Oktoba, kuanzia saa 11 jioni.
>
> Nina siku 9 za likizo ambazo sijazitumia. Naomba zihesabiwe kwenye malipo yangu ya mwisho, na niandaliwe hati ya utumishi. Naomba pia unijibu kuthibitisha tarehe hizi, au unieleze zinazohitaji kubadilishwa.
>
> Wako mtiifu,

Kodi ya Agosti tuliiweka tarehe 3 kwa makusudi: wiki ile ilikuwa na Maulidi, na tarehe 7 ni Jumapili. Kusaini tarehe 29 kunaacha siku moja ya kurekebisha kitakachoonekana kina kasoro. Na ile ahadi ya simu ina mwisho. Bila tarehe ya mwisho utapigiwa hadi Februari.

Radhi ya "usumbufu" tuliifuta. Mtu anayefuata mkataba wake hana kosa la kuombea radhi.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Nina siku 14 za likizo. Naweza kuzitumia ndani ya notisi ili niondoke mapema? (Mtunza ghala, Mwanza)*

Marahaba. Sheria inasema notisi isitolewe mtu akiwa likizo, wala visiende sambamba. Chukua likizo kwanza, urudi, ndipo utoe notisi. Au fanya kama huyu dada, uombe zilipwe.

*Mwajiri mpya ananitaka baada ya wiki mbili. Nifanyeje? (Karani, Arusha)*

Omba kwa maandishi upunguziwe notisi, na uweke ratiba ya makabidhiano inayoenea ndani ya wiki hizo mbili. Hilo ndilo litakalomshawishi bosi. Akikubali, hakikisha jibu lake limeandikwa. Ukiondoka bila kukubaliwa, anaweza kukata kwenye malipo yako ya mwisho kiasi ambacho ungelipwa kwa siku ulizokwepa.

*Sisi wa Kenya je? (Nairobi)*

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 35, nayo inataka siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, kwa maandishi. Hati ya utumishi iko kifungu cha 51. Mpangilio wa barua haubadiliki. Weka tarehe za KRA mahali pa zile za TRA.

*Bosi hajanijibu, siku ya tano leo. (Mhudumu wa mapokezi, Dodoma)*

Notisi yako inahesabika tangu ulipoitoa, haingoji kibali chake. Ila mpelekee nakala iliyochapwa, aliyeipokea asaini na aandike tarehe kwenye nakala utakayobaki nayo. Na kazi ya kwanza kwenye ratiba yako ianze siku uliyoiandika, hata kama bado yuko kimya.